Pembe Nne za Mintesnot

Mintesnot alikuwa na kibao cha plastiki cha kijani kilichotobolewa maumbo ya mageti yote, zile alama za vipande vya saketi vinavyopokea 0 na 1 na kuamua taa iwake au izime: AND lenye mgongo bapa na tumbo la mviringo, OR lenye ncha kama jani, NOT la pembetatu na kiduara puani. Alikipata kwa mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi Djibouti. Mwaka wa pili wote wa uhandisi wa umeme hapa Dire Dawa tulikuwa tukichora mageti kwa mkono, yakitoka mengine mapana, mengine yamevimba upande mmoja, na yeye akichora kama kitabu. Kizuri chajiuza. Walimu walipofika kwenye karatasi yake walipumzisha macho, wakatoa alama, wakaendelea na safari.

Kwa sababu ya alama hizo akafanywa kiongozi wa kundi letu. Chuoni petu wanafunzi walipangwa mmoja kwa watano: mwenye akili anawaongoza watano wasio na uhakika, na kila Ijumaa anatoa taarifa kwa mkuu wa idara kuhusu nani ameendelea na nani anavuta wenzake nyuma. Mimi nilikuwa wa kuvuta nyuma. Nilishapewa onyo muhula uliopita, na kanuni ilikuwa wazi: nisipopata C katika somo la mantiki ya kidijitali, nakwenda nyumbani moja kwa moja. Nyumbani ni Chiro, ambako mjomba wangu Gelana anauza viatu vya plastiki. Alikuwa ameniwekea kigoda nyuma ya kaunta tangu siku niliyochaguliwa kuingia chuo, akisema si kwa ubaya, ila mtu mzima hujiandaa.

Nilikiogopa kigoda kile kuliko mtihani wenyewe.

Kundi letu lilikutana alasiri kwenye kibaraza cha kantini, jua likiwa limeshapoa kiasi cha kuweza kugusa meza. Wengine walitafuna mirungi ili akili ifunguke. Akili haikufunguka, ila midomo ilifunguka sana. Mintesnot yeye hakutafuna. Alikunywa chai na kutulia kama hakimu, kibao chake cha kijani kikiwa juu ya leso safi.

Siku hiyo alitufundisha ramani ya Karnaugh. Ni jedwali la vyumba kumi na sita. Saketi yako ina swichi nne, A, B, C na D, kila moja ikiwa 0 au 1, na kila chumba ni namna moja ya kuzipanga swichi hizo. Taa inapotakiwa kuwaka unaandika 1 chumbani humo. Kisha unazungushia zile 1 zilizo jirani, mbili mbili, nne nne au nane nane, na kila swichi inayobadilika ndani ya duara unaifuta, maana haina kazi. Duara likiwa kubwa, mlinganyo unakuwa mfupi. Ndiyo raha yote ya kitu hiki: unaanza na mkia mrefu wa herufi, unamaliza na herufi mbili.

Kila chumba na jirani yake hutofautiana kwa swichi moja tu. Ndiyo maana vichwa vya safu haviandikwi 00, 01, 10, 11 kama mtu anavyohesabu, bali 00, 01, 11, 10, A na B zikisomwa kando, C na D juu. Hilo Mintesnot alilijua na alilisema vizuri. Tatizo ni kwamba kwake ujirani ulikuwa kugusana kwa macho. Mstari wa pembeni wa ramani ulikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta hakuna mtu.

Nilitazama pembe nne za jedwali. Ya juu kushoto ni 00 na 00. Ya juu kulia ni 00 na 10. Kilichobadilika ni C peke yake. Sasa kama ujirani ni kutofautiana kwa swichi moja, hawa wawili ni majirani, hata kama wamekaa mbali. Nikasema hivyo. Nilikuwa na kipande cha injera mkononi, ule mkate wetu mpana na laini kama kitambaa, nikakikunja pembe nne zikakutana katikati, nikawaonyesha.

Bezabih, aliyekuwa akicheka chochote alichocheka Mintesnot, alianza kucheka kabla kiongozi hajafungua mdomo.

"Ayantu," Mintesnot alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza kipofu, "ramani hailiwi."

Kibaraza kizima kikacheka. Akaendelea kusema kwamba matatizo yangu yote yanatokana na kutaka njia ya mkato, kwamba mhandisi ni mtu wa kazi, na kwamba katika mtihani sote tutachora kwa namna moja, ili kundi lionekane kundi. Ijumaa hiyo alitoa taarifa kwamba nina tabia ya kujitenga. Nilikula ile injera. Ilikuwa na shiro ya jana, mchuzi wa unga wa dengu, na sikuona ladha yake kwa hasira.

Siku ya mtihani ukumbi ulikuwa moto kama jiko la mkate. Mintesnot aliketi mbele yetu, mabega ameyalaza upande kwa ukarimu, ili anayetaka kuona aone. Msimamizi alikuwa mgeni wa kitivo kingine aliyekuja na gazeti.

Swali la mwisho lilikuwa na alama ishirini kati ya hamsini. Tulipewa orodha ya namna nane ambazo taa inatakiwa kuwaka, kisha maneno haya: rahisisha kadiri inavyowezekana kwa ramani ya Karnaugh, halafu chora saketi yenye mageti machache kabisa. Chini yake waliacha ukurasa mzima mweupe.

Nikaijaza ramani. Zile 1 nne zilikaa katikati, zimebanana mraba, na nyingine nne zilikaa pembeni, moja kila pembe, kama walinzi wa jengo.

Mraba wa katikati ulikuwa rahisi. Humo A inabadilika, C inabadilika, zote mbili zinafutika. Kinachobaki ni B kuwa 1 na D kuwa 1. Nikaandika BD. Kisha nikazikunja pembe kichwani kama kile kipande cha injera, nikatazama kinachobadilika: A tena, na C tena. Kinachobaki ni B kuwa 0 na D kuwa 0. Nikaandika B′D′, kile kialama kikimaanisha 0, nikaweka alama ya kujumlisha katikati.

Taa inawaka B na D zikiwa zote 1, au zote 0. Kwa maneno mengine, zikifanana. Na lipo geti moja duniani ambalo kazi yake ni hiyo tu, kuwasha taa vitu viwili vinapofanana: XNOR. A na C hazikuwa na kazi yoyote. Zilikuwa zimekuja kusindikiza.

Nikachora geti moja. B inaingia, D inaingia, kiduara puani, taa inatoka. Halafu nikatazama ukurasa mweupe uliobaki, nikaanza kutokwa jasho la baridi katika ukumbi ule wa moto.

Mbele yangu Mintesnot alikuwa akichora. Kibao cha kijani kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Niliona mageti ya NOT manne yamejipanga kama askari. Niliona AND za miguu minne, yaani nyaya nne za kuingilia, moja kwa kila pembe. Kisha AND ndogo ya wale wa katikati, na mwisho OR kubwa ya miguu mitano ya kuwakusanya wote. Aliinua mkono kuomba karatasi ya nyongeza. Bezabih akainua mkono. Wale wengine watatu wa kundi nao wakainua mikono, mmoja baada ya mwingine, kama watu kanisani.

Msimamizi alipomaliza kuwagawia alinifikia. Alitazama geti langu lililojikalia peke yake juu ya ukurasa, akanitazama usoni.

"Unaumwa?" akaninong'oneza.

Nikasema hapana. Akaniacha na karatasi ya nyongeza kwa huruma. Sitaficha: niliishika penseli nikataka kuchora zile AND nne. Niliona kigoda cha Chiro, viatu vya plastiki vimening'inia kwa kamba, mjomba Gelana akinionyesha namna ya kukunja mifuko. Nikazijaribu namna zote kumi na sita moja moja. Zote zilikubali. Nikasema, kama nitaondoka chuoni, niondoke kwa jambo la kweli, si kwa kunakili jengo la mtu mwingine. Nikairudisha karatasi ya nyongeza ikiwa nyeupe vilevile.

Mwalimu wetu, Habtewold, alikuwa amekwenda Addis Ababa kwa matibabu ya macho, kwa hiyo aliyesahihisha ni msaidizi wake, Tariku. Tariku alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na alijulikana kwayo. Hakupoteza muda kukokotoa majibu. Alichukua kwanza karatasi ya mwanafunzi bora, akaipa alama zote, kisha akaitumia kuwapimia wengine. Aliona ni busara. Kwa nini upike, na kwa jirani wameshapakua?

Matokeo yalipobandikwa, Mintesnot alikuwa na ishirini kati ya ishirini. Bezabih na wenzake walipata kumi na tisa, kumi na nane, kulingana na unyofu wa mistari yao. Mimi nilipata mbili, kwa kujaza ramani. Jumla yangu ilikuwa chini ya C. Kwenye karatasi yangu Tariku aliandika kwa wino mwekundu: mchoro haujakamilika.

Bezabih aliniambia pole. Mintesnot hakusema pole, alisema alinionya. Kisha akaniuliza kama Chiro kuna baridi msimu huu.

Mwalimu Habtewold aliporudi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajavua koti. Jicho moja lilikuwa bado na bandeji. Nilimpa karatasi yangu bila hotuba, kwa kuwa ningesema ningelia. Aliisogeza karibu na jicho zima. Alitazama ramani, mlinganyo, kile kigeti kimoja. Akatazama wino mwekundu kwa muda mrefu zaidi ya vyote hivyo. Kisha akamwita Tariku, akamuuliza majibu ya kusahihishia aliyatoa wapi. Tariku akasema ni utaratibu wa kawaida. Mwalimu akasema sawa, basi tutafuata utaratibu wa kawaida pia, tukutane maabara, na Mintesnot aje.

Habari zilienea. Alasiri hiyo nusu ya darasa ilisimama madirishani. Mwalimu alitaka kila mmoja aijenge saketi yake kwa vifaa, kwa swichi zilezile nne na taa yake mwenyewe, ili mtu asije akasema jicho bovu limependelea.

Mimi nilichukua chipu moja. Ndani yake mna mageti manne ya XNOR. Nilitumia moja, matatu yakabaki yamelala. Nilimaliza watu wakiwa bado wanatafuta pa kusimama. Nikakaa, nikaweka mikono mapajani.

Mintesnot alijenga. Maabara haina OR ya miguu mitano, kwa hiyo aliunganisha ndogo nne zishikane. Alihitaji chipu, akaongeza chipu, akaazima ubao wa pili. Nyaya zilijaa mezani, nyekundu, njano na bluu, mpaka ikawa huoni ubao chini yake. Kibao cha kijani hakikumsaidia hapo, nyaya hazichorwi. Bezabih alikuwa akimpa nyaya na kufuta jasho, lake na la kiongozi.

Ikafika kujaribu. Mwalimu alibofya swichi zetu kwa pamoja. Zote chini: taa zote mbili zikawaka. B peke yake juu: zote zikazima. B na D juu: zikawaka. Alipofika A juu na C juu, B na D chini, yaani pembe ya mwisho, taa yangu iliwaka na ya Mintesnot ikabaki giza. Madirishani wakaguna. Mintesnot aliingiza vidole kwenye kichaka cha nyaya, akakuta mmoja umechomoka, akaurudisha. Taa yake ikawaka. Wakarudia zote kumi na sita, na taa zetu zikafuatana kama mapacha.

"Saketi ya Mintesnot ni sahihi," Mwalimu alisema.

Mintesnot alinyoosha kola. Tariku alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa soma swali," Mwalimu akamwambia Mintesnot. "Kwa sauti, macho yangu mabovu."

Mintesnot akasoma. Rahisisha kadiri inavyowezekana. Mageti machache kabisa.

"Hayo ya mchoro wako ni mangapi?"

"Kumi, Mwalimu."

"Na la huyu?"

Mintesnot aliukaza waya uliolegea. Akasema kwamba mchoro wake unaonyesha kazi, kwamba mtu akiuona anajua aliyeuchora ameteseka.

"Umejenga mji mzima ili kuwasha taa moja," Mwalimu alisema. "Mateso yako nimeyaona. Siyo niliyouliza."

Akachukua karatasi yenye ramani, akaikunja kuwa bomba, ukingo wa kushoto ukagusa wa kulia. Akaikunja upande wa pili, wa juu ukagusa wa chini. Mimi nilitazama sakafu, kwa kuwa ningemtazama Mintesnot ningecheka, na nilikuwa bado sijapewa alama zangu.

Alinipa ishirini. Karatasi zote zikasahihishwa upya. Mintesnot akashuka, ila si sana, maana alikuwa na akiba kutoka maswali mengine. Mimi nikapata C, C ya kawaida kabisa isiyo na mapambo, na mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kuona herufi nzuri kama hiyo. Nilimpigia mjomba Gelana. Akasema hongera, kisha akauliza kama kigoda akiuze au akihifadhi mpaka mwaka ujao.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Hujamjua mkuu wa idara yetu.

Bi Tsehaynesh aliitisha mkutano wa mwaka wa kwanza na wa pili, ili wadogo wajifunze kwa wakubwa. Alisimama mbele akiwa na taarifa za Ijumaa mkononi, akatangaza kwamba mpango wa mmoja kwa watano umezaa matunda. Mwanafunzi mmoja mwenye onyo, aliyekuwa na tabia ya kujitenga, amepata C na alama kamili katika swali gumu kuliko yote, chini ya uongozi wa Mintesnot. Akamwomba Mintesnot asimame apigiwe makofi. Mintesnot akasimama. Sikuamini kwamba mtu anaweza kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu kiasi kile bila kuvunjika shingo.

Nilitazama nyuma, nikamwona Mwalimu Habtewold kwenye kiti cha mwisho. Alikuwa amelifumba na lile jicho zima.

Bi Tsehaynesh akasema Mintesnot atoe siri yake kwa wadogo. Mintesnot akaenda ubaoni, akachora ramani, vichwa vya safu sawasawa, akaweka 1 kila pembe. Akageuka.

"Kanuni ya kwanza," akasema. "Pembe nne ni kundi moja. Daima. Ikariri hiyo."

Wadogo wakaandika. Bezabih naye akaandika.

Kisha Bi Tsehaynesh akanigeukia, akasema na mimi niseme neno la shukrani kwa kiongozi wangu. Ukumbi wote ukanitazama. Nikasimama. Nikasema kweli nimejifunza mengi katika kundi lake, mengine kwa uchungu. Nikasema ningependa wadogo waone namna anavyofanya, kwa mfano mwingine mdogo tu. Nikaenda ubaoni, nikafuta pembe, nikajaza 1 safu nzima ya kwanza kushoto, na 1 safu nzima ya mwisho kulia. Nne huku, nne kule. Nikampa chaki.

Mtu anayejua kwa nini pembe zinakutana anajua pia kwamba kingo zinakutana. Hizo ni nane, duara moja. A inafutika, B inafutika, C inafutika. Inabaki D kuwa 0. Geti moja la NOT, waya mmoja, kila mtu akalale.

Mintesnot aliitazama ramani. Alitafuta pembe. Pembe zilikuwepo, lakini zilikuwa na watu katikati yao, na hilo halikuwa kwenye kanuni ya kwanza. Chaki ilikaa hewani. Kisha akaizungushia safu ya kushoto peke yake, duara safi la kupendeza, akaizungushia ya kulia peke yake, akatoa kibao cha kijani mfukoni na kuanza kuchora AND mbili, na NOT, na OR.

Aliyeanza kupiga makofi ni Bi Tsehaynesh. Ukumbi ukafuata. Debe tupu haliachi kuvuma, na likipigiwa makofi ndiyo kabisa.

Nilirudi kitini. Msichana wa mwaka wa kwanza aliyeketi nyuma yangu aliniinamia begani, akiwa bado hajafunga kalamu.

"Dada, samahani. Zile safu mbili, si ni C tu inayobadilika? Mbona hakuziunganisha?"

Niligeuka nikamtazama vizuri. Mistari yake ilikuwa imepinda, na geti lake la NOT lilifanana na kichwa cha mbuzi.

"Njoo kesho kantini," nikamwambia. "Nitakuonyesha. Uje na njaa."